Ikisiri Isemayo Kilichopatikana, Hitimisho Lisilovuka Mpaka

Ikisiri ya makala ya uchumi ndiyo sehemu inayosomwa na wengi, na mara nyingi ndiyo pekee wanayoisoma. Kwa hiyo haipaswi kuahidi tu kwamba makala “inachunguza” jambo fulani. Inapaswa kutaja swali, njia iliyotumika kulijibu, na jibu lenyewe pamoja na ukubwa wake.

Mfano mzuri ni makala ya Edward Miguel na Michael Kremer iliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica. Inahusu dawa za minyoo zilizotolewa katika shule 75 za msingi wilayani Busia, magharibi mwa Kenya. Shule ziligawanywa katika makundi matatu: la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Wakati wa kusubiri, shule ambazo hazijafikiwa zilitumika kama kipimo cha kulinganishia. Ikisiri yao inaeleza kwanza kwa nini waligawa dawa kwa shule nzima badala ya mtoto mmoja mmoja: minyoo huambukizwa, na kumtibu mmoja humkinga jirani yake. Kisha inasema matokeo waziwazi, kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa.

Neno “robo” linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana hapa ndipo waandishi wengi hujikwaa. Ndani ya makala, mahudhurio yalipanda kwa takribani pointi 7 za asilimia. Pointi 7 ni robo ya 28. Kwa hiyo, pale ambapo wanafunzi 28 kati ya 100 wangekosekana shuleni siku fulani, sasa wangekosekana 21. Mwandishi anayesema tu “mabadiliko ya asilimia 25” humfanya msomaji adhani mahudhurio yenyewe yamepanda kwa asilimia 25, jambo ambalo si kweli. Ni salama zaidi kuandika namba zote mbili: ilikuwa ngapi, ikawa ngapi.

Sentensi ya mwisho ya ikisiri hiyo ndiyo yenye ujasiri mkubwa kuliko zote. Inasema kwamba hakuna ushahidi uliopatikana kuwa mpango huo uliinua alama za mitihani. Watu wangetarajia mtoto anayehudhuria zaidi afaulu zaidi, na ingekuwa rahisi kuificha habari hiyo katika jedwali la mwisho. Waandishi waliiweka mbele.

Hata hivyo, “hatukupata ushahidi” si sawa na “hakuna athari”. Tuseme makadirio yanaonyesha alama zimepanda kwa 1 kati ya 100, na kiwango cha mashaka kinaanzia kushuka kwa 4 hadi kupanda kwa 6. Data hiyo haiwezi kukanusha kupanda kwa alama 5, ongezeko ambalo mzazi yeyote angelipenda. Kusema dawa hazisaidii mitihani kungekuwa kuvuka mpaka. Kama kiwango hicho kingekuwa kati ya kushuka kwa nusu alama na kupanda kwa nusu alama, basi mwandishi angeweza kusema kwamba athari kubwa haipo.

Hitimisho halina kazi ya kurudia ikisiri kwa maneno mengine. Linaeleza matokeo yanafika wapi na yanakomea wapi. Huko Busia, asilimia 92 ya wanafunzi waliopimwa mwanzoni walikuwa na angalau aina moja ya minyoo, na mwaka 1998 kulikuwa na mafuriko makubwa ya El Niño. Mahali ambapo maambukizi ni machache, faida inaweza kuwa ndogo mno. Huo ni ukomo wa kweli, kwa sababu unagusa matokeo yenyewe na msomaji anaweza kuupima. Sentensi ya “utafiti zaidi unahitajika” ikisimama peke yake haimwambii mtu lolote; inafaa kubandikwa kwenye makala yoyote ile.

Ipo namna rahisi ya kukagua hitimisho: kila dai lirudishwe kwenye jedwali linalolibeba. Dai lisilo na jedwali lifutwe, au lisemwe wazi kuwa ni dhana. Pia maneno “ilisababisha” yatumike pale tu ambapo mgawanyo wa makundi unayaruhusu.

Mwaka 2015 watafiti wengine walichapisha uchambuzi mpya wa data ileile ya Busia na kuonyesha makosa ya kimahesabu, hasa katika kuhesabu shule zilizo umbali wa kilomita 3 hadi 6. Baada ya marekebisho, dai kwamba faida ya mahudhurio ilifika umbali huo halikusimama tena kwa uhakika. Sentensi kuhusu mitihani ilibaki kama ilivyoandikwa mwaka 2004.