CST ni saa za wapi?

Mfanyabiashara wa Kariakoo anapokea ujumbe kutoka kwa mshirika wake: kikao cha mtandaoni ni Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, saa 09:00 CST. Kama ujumbe umetoka Guangzhou, kikao kitaanza saa kumi alfajiri kwa saa za Dar es Salaam. Kama umetoka Chicago, kitaanza saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo. Na kama umetoka Havana, kitaanza saa kumi na moja jioni. Herufi ni zilezile tatu na namba ni ileile, lakini kati ya kikao cha mapema kabisa na cha mwisho kuna saa kumi na nne. Wala hakuna aliyekosea kuandika, kwa sababu kila mmoja ameandika kama watu wa kwao wanavyoandika.

Chanzo cha mkanganyiko huu kinaonekana wazi ukirudi pale vifupisho vilipoanzia. Zamani kila mji ulifuata jua lake: adhuhuri ilikuwa pale jua linapofika utosini. Treni zilipoanza kuvuka miji mingi kwa siku moja, utaratibu huo ukawa balaa kwa wapanga ratiba. Tarehe 18 Novemba 1883, kampuni za reli za Marekani na Kanada zililigawa bara lao katika kanda chache, kila ukanda na saa yake moja. Ukanda uliopita Chicago ukaitwa wa kati, na jina lake la Kiingereza likafupishwa kuwa CST. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na ukanda huo ulipimwa kwenye nyuzi 90 magharibi ya Greenwich. Gawanya 90 kwa 15 utapata sita: saa za Chicago ziko saa sita nyuma ya saa za dunia, zinazoitwa UTC.

Waliobuni jina hilo walikuwa wakiwaandikia abiria wa bara lao. “Kati” yao ilikuwa kati ya Amerika Kaskazini, na hawakuwa na sababu ya kufikiria kwamba siku moja ratiba hiyo ingesomwa Dar es Salaam au Shanghai. Nchi nyingine nazo zilipopanga saa zao zilifanya vivyo hivyo. China inafuata nyuzi 120 mashariki, yaani saa nane mbele ya UTC, na kwa Kiingereza jina la nchi linaanza na C. Cuba nayo inaanza na C, ila iko saa tano nyuma ya UTC. Australia ina ukanda wake wa kati, wenye miji ya Adelaide na Darwin, ulio saa tisa na nusu mbele. Huko pia watu waliandika CST kwa miaka mingi, ingawa sasa wengi huongeza A mbele ili wajitofautishe.

Hakuna ofisi duniani inayogawa vifupisho hivi na kuhakikisha kwamba havigongani. Kila serikali hutunga sheria ya saa zake, lakini herufi za kuzifupisha huzaliwa katika mazoea ya watu, magazeti na mashirika. Kwa kuwa majina mengi huishia na maneno yaleyale mawili ya Kiingereza yenye maana ya “saa rasmi”, yaani S na T, inabaki herufi moja tu ya kutofautisha nchi na nchi. Herufi moja haitoshi. Ndiyo maana IST nayo ni India, ni Israeli, na wakati wa kiangazi ni Ayalandi.

Mtu anayesoma CST anaweza kumjua mwandishi wake na kubahatisha vizuri. Kompyuta haina njia hiyo. Kanuni za barua pepe za 1982 ziliamua kwamba CST ni ya Marekani, na programu nyingi zikarithi uamuzi huo. Kanuni hizo ziliporekebishwa mwaka 2001, zilitaka wakati uandikwe kwa tarakimu badala ya herufi, lakini mazoea ya zamani yalikwisha kuota mizizi ndani ya programu.

Kuna tatizo moja ambalo mafundi wa programu walioko China wanalijua vizuri. Seva iliyopangwa kwa saa za Shanghai ikiulizwa iko ukanda gani, hujibu CST. Baadhi ya matoleo ya kiunganishi kinachotumiwa na programu za Java kuzungumza na hifadhidata ya MySQL yalilichukua jibu hilo na kulielewa kuwa ni Chicago. Tuseme mteja ameagiza bidhaa saa tatu asubuhi ya Jumatatu hiyo ya Machi. Kiunganishi kinaubadili muda kuwa wa Chicago, na katika jedwali kunaandikwa saa moja jioni ya Jumapili. Programu hiyohiyo ikisoma tena, hubadili kinyume na kuonyesha saa tatu asubuhi, hivyo kosa linajificha. Hufichuka pale programu nyingine, au mhasibu, anapolifungua jedwali moja kwa moja na kukuta maagizo ya jana.

Dalili ya kosa hili ni ukubwa wake. Muda unapotofautiana kwa saa 14 kamili wakati wa baridi ya Marekani, na kwa saa 13 wakati wa kiangazi chao, fundi mzoefu hahitaji kutafuta mbali. Chicago husogeza saa zake mbele kila kiangazi, ilhali China iliacha desturi hiyo baada ya 1991. Tiba yake ni kuitajia programu mji badala ya herufi, kwa maandishi `Asia/Shanghai`.

Ukitaka kuona jambo hili mwenyewe kwenye kompyuta yenye Linux, uliza wakati mmoja kwa miji miwili:

```
$ TZ=Asia/Shanghai date -d '2025-03-03 15:00 UTC' '+%H:%M %Z %z'
23:00 CST +0800
$ TZ=America/Chicago date -d '2025-03-03 15:00 UTC' '+%H:%M %Z %z'
09:00 CST -0600
```

Safu ya herufi inafanana kote kuwili. Safu ya mwisho, yenye alama ya kujumlisha au kutoa, ndiyo inayosema ukweli wote: saa nane mbele ya UTC, au saa sita nyuma yake.

Kwa hiyo anayepanga jambo moja la siku moja aandike tarakimu hizo: 09:00 UTC+8. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliye saa tatu mbele ya UTC, atatoa saa tano na kupata 04:00, yaani saa kumi alfajiri. Lakini kwa kikao kinachorudiwa kila wiki, tarakimu peke yake hazitoshi. Chicago ikisogeza saa zake mwezi Machi, tofauti yake na UTC inakuwa saa tano, na aliyeandika UTC-6 atakuwa amechelewesha kila mtu kwa saa nzima. Kikao cha aina hiyo kitajiwe mji: saa tatu asubuhi kwa saa za Chicago. Jina la mji linabeba mabadiliko yake yote ya mwaka. Na ukipokea ujumbe wenye CST pekee, usianze kupiga hesabu. Muulize kwanza aliyeandika ni saa za mji gani.