Mwaka Mmoja wa Shule na Namba 0.083

Kila mwezi serikali ya Marekani huzihoji maelfu ya kaya kuhusu kazi na vipato vyao. Kutoka katika majibu ya mwaka 1976 limechotwa fungu dogo ambalo wanafunzi wengi wa uchumi wamelipitia darasani: wafanyakazi 526, kila mmoja na mshahara wake wa saa kwa dola, pamoja na miaka aliyokaa shuleni. Jeffrey Wooldridge wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan aliwaingiza katika kitabu chake cha kiada. Swali lake la mwanzo analielewa mzazi yeyote anayelipa ada: mwaka mmoja zaidi wa shule huendana na mshahara mkubwa zaidi kwa kiasi gani?

Njia nyepesi ni kuchora grafu, miaka ya shule kwenye mstari wa chini na mshahara kwenye mstari wa wima, kila mfanyakazi akiwa nukta moja, kisha kupitisha mstari mnyoofu unaozikaribia nukta zote kadiri iwezekanavyo. Kazi hiyo huitwa regresheni, na kompyuta huifanya kufumba na kufumbua. Kwa wafanyakazi hawa mstari unatoka hivi:

```
wage = -0.90 + 0.54 educ
```

Namba 0.54, yaani kizigeu cha elimu, inadai kwamba kila mwaka wa shule huongeza senti 54 kwa saa. Ukiitazama kwa makini utaona kasoro mbili. Mtu ambaye hajasoma kabisa anakadiriwa kulipwa senti 90 chini ya sifuri, kana kwamba yeye ndiye anayemlipa mwajiri. Na aliyetoka darasa la nane kwenda la tisa anapewa nyongeza ile ile ya senti 54 anayopewa aliyemaliza chuo kikuu na kuongeza mwaka wa shahada ya pili.

Mishahara haiendi hivyo. Mlinzi anayelipwa shilingi 200,000 kwa mwezi akiongezewa 50,000, mshahara wake umepanda kwa robo nzima. Meneja wa shilingi 2,000,000 akiongezewa kiasi hicho hicho, amepata asilimia mbili na nusu. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi na waajiri hujadiliana kwa asilimia. Pengo kati ya mishahara hupimwa vizuri zaidi kwa kuzidisha kuliko kwa kujumlisha, ilhali mstari mnyoofu unajua kujumlisha tu.

Logi ndiyo inayotatua hilo. Logi asilia ya namba ni kipeo ambacho 2.718, namba ambayo wanahisabati huiita e, inapaswa kuinuliwa ili kuifikia namba hiyo. Logi ya 2 ni 0.693, ya 4 ni 1.386, na ya 8 ni 2.079. Kila mara namba inapozidishwa kwa mbili, logi inaongezeka kwa kiasi kile kile, 0.693. Kwa hiyo ukiubadilisha mshahara wa kila mfanyakazi kuwa logi kabla ya kupitisha mstari, mstari unaendelea kujumlisha kama kawaida yake, lakini kinachojumlishwa ni hatua za kuzidisha.

Aliyeieneza njia hii katika utafiti wa mishahara ni Jacob Mincer, mzaliwa wa Poland aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1974. Hakuichagua logi kwa sababu ya urahisi wa hesabu peke yake. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana anayebaki darasani mwaka mmoja zaidi anauacha mshahara ambao angeupata mwaka huo, na mshahara huo ndio gharama yake kubwa. Ikiwa gharama ya kusoma ni mshahara wa mwaka mzima, basi malipo yake nayo yapimwe kama sehemu ya mshahara.

Wafanyakazi wale wale 526 wakipitishiwa mstari wa logi, matokeo yanakuwa haya:

```
log(wage) = 0.584 + 0.083 educ
```

Hapa 0.083 si dola wala senti. Ni ongezeko la logi ya mshahara kwa kila mwaka wa shule. Wachumi huizidisha kwa 100 na kusema moja kwa moja: mwaka mmoja zaidi wa shule unaendana na mshahara mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 8.3.

Njia hii ya mkato inakubalika kwa sababu karibu na sifuri, logi na asilimia hufuatana. Kitu kikipanda kwa asilimia 1, logi yake hupanda kwa 0.00995. Kikipanda kwa asilimia 5, logi hupanda kwa 0.0488. Hata kwa asilimia 10, logi hupanda kwa 0.0953, tofauti ambayo haimsumbui mtu anayezungumzia mishahara. Anayetaka jibu kamili huirudisha logi mahali ilipotoka: anainua e kwa kipeo cha kizigeu, anatoa moja, kisha anazidisha kwa mia. Kwa 0.083 jibu ni asilimia 8.7. Si mbali na 8.3.

Fuatisha mstari huu na kasoro za mwanzo zinaondoka. Mwenye miaka minane ya shule anakadiriwa kupata kama dola 3.48 kwa saa, na mwaka wa tisa unamwongezea senti 30. Mwenye miaka kumi na sita yuko kwenye dola 6.77, na mwaka wa kumi na saba unamwongezea senti 59. Asilimia ni ile ile, fedha si zile zile. Na asiyesoma kabisa anakadiriwa kupata dola 1.79, kiasi kidogo lakini walau kiko juu ya sifuri.

Matatizo huanza namba zinapokuwa kubwa, na wengi huteleza kwa kuchukua njia ya mkato mahali isipofika. Chukua tofauti ya miaka minne, kutoka minane hadi kumi na miwili. Nne mara 0.083 ni 0.332, na mwandishi mwenye haraka ataandika asilimia 33. Lakini miaka hiyo ni kuzidisha mara nne mfululizo, kila hatua ikisimama juu ya iliyotangulia. Kutoka dola 3.48 hadi 4.85 ni ongezeko la asilimia 39. Ripoti imeshapoteza asilimia sita, na hakuna aliyekosea kupiga hesabu kwenye kompyuta.

Mfano ulio mzito zaidi umo ndani ya data hiyo hiyo. Wooldridge aliongeza katika mlinganyo uzoefu wa kazi, miaka aliyokaa mtu kwa mwajiri wake wa sasa, na jinsia. Kizigeu cha kuwa mwanamke kilitoka −0.297. Kwa njia ya mkato, wanawake wenye elimu na uzoefu sawa na wanaume walilipwa pungufu kwa asilimia 29.7. Kwa hesabu kamili, e kwa kipeo cha −0.297 ni 0.743, maana yake mwanamke alipata senti 74 pale mwanamume alipopata dola moja: pungufu kwa asilimia 25.7.

Sasa geuza swali: wanaume waliwazidi wanawake kwa kiasi gani? Gawanya 1 kwa 0.743, utapata 1.346. Wanaume walipata zaidi kwa asilimia 34.6. Pengo ni moja, lakini lina asilimia mbili zilizo sahihi, kutegemea unaanzia kwa nani, na 29.7 imesimama katikati bila kuwa mojawapo. Hii si hila ya maneno. Katika madai ya malipo ya haki, wakili wa upande mmoja anaweza kushika 25.7 na wa upande wa pili 34.6, na wote wawili wakawa wanaisoma namba ile ile. Mwandishi mwaminifu hutaja asilimia na kueleza inahesabiwa juu ya mshahara wa nani.

Kosa hili liliwahi kuenea hata katika majarida ya kitaaluma, hadi Robert Halvorsen na Raymond Palmquist walipoandika makala fupi mwaka 1980 kuwakumbusha wenzao waiinue e kwanza pale kigezo kinapokuwa cha ndiyo au hapana. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukikutana na kizigeu kama −1.5 kimetafsiriwa kuwa kupungua kwa asilimia 150, kalamu imekwenda kasi kuliko akili, kwa kuwa mshahara hauwezi kupungua kwa zaidi ya asilimia mia. Jibu kamili ni asilimia 78.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani kwa macho. Katika programu ya R, `log()` ni logi asilia. Katika Excel, `LOG` hutoa logi ya kizio cha 10, na logi asilia ni `LN`. Mtu akitumia `LOG` kwa wafanyakazi wetu, kizigeu cha elimu kitatoka 0.036, naye ataandika asilimia 3.6 badala ya 8.3 bila programu kumwonya kwa lolote.

Milinganyo ya namna ya Mincer imetumika pia huku kwetu. Mwaka 1980 vipato vya wafanyakazi wa Nairobi na Dar es Salaam vilikusanywa, na wachumi John Knight na Richard Sabot walivichambua kwa logi pamoja na matokeo ya mitihani ya kusoma na kuhesabu waliyopewa wafanyakazi wenyewe. Mitihani hiyo ilikuwa na sababu. Kizigeu cha elimu peke yake hakisemi kama mshahara unaletwa na miaka ya kukaa darasani, na kile mtu alichojifunza humo, au na kipaji alichoingia nacho. Knight na Sabot walikuta kwamba uwezo halisi wa kusoma na kuhesabu ulikuwa na uzito mkubwa katika mshahara.

Utafiti ule ulihusu watu walioajiriwa, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mshahara. Ukienda kwa wauza mboga au wakulima, utakuta waliopata sifuri mwezi huo, na sifuri haina logi. Dawa ya mtaani ni kumwongezea kila mtu 1 kabla ya kuchukua logi. Ijaribu uone. Muuzaji aliyetoka sifuri hadi shilingi 100 anahama kutoka logi ya 1, ambayo ni 0, hadi logi ya 101, ambayo ni 4.6. Andika kipato hicho hicho kwa senti, 10,000, na sasa amehama hadi 9.2. Athari imeongezeka maradufu kwa kubadilisha kipimo tu. Wasio na sifuri hawakumbwi na hili: kwao kuhama kutoka shilingi kwenda senti hubadilisha namba ya mwanzo ya mlinganyo, na kizigeu hubaki kilivyo.

Penye sifuri nyingi, watafiti wengi sasa hutumia regresheni ya Puasoni, njia ambayo João Santos Silva na Silvana Tenreyro waliitetea mwaka 2006 katika utafiti wa biashara kati ya nchi. Humo kipato chenyewe hakigeuzwi kuwa logi, hivyo sifuri inaingia bila kuongezewa kitu. Kizigeu kinachotoka husomwa kwa utaratibu ule ule: kikiwa kidogo, zidisha kwa mia, kikiwa kikubwa, inua e kwanza.