Jina la Mume Katika Cheti cha Shahada

Mwezi uliopita alinijia binti mmoja na mamake, baada ya swala ya Alasiri, wakiwa na bahasha imejaa karatasi. Binti amehitimu chuo kikuu, akaolewa mwaka uliofuata, na mara baada ya arusi akabadilisha kitambulisho ili abebe jina la mumewe. Kisha akapata mahali pa kazi. Mwajiri akaweka cheti cha shahada upande mmoja na kitambulisho upande wa pili, akamwambia: "Hawa ni watu wawili." Akapewa wiki tatu atengeneze mambo yake. Alikuwa amekwisha kumwandikia Msajili wa Masomo wa chuo chake akitaka cheti kipya chenye jina la ndoa, na barua ikarudishwa kwamba vielelezo havitoshi. Alichotaka kwangu ni cheti cha ndoa.

Sitataja jina lake. Kwa mfano tu, tuseme jina la babake lilikuwa Zainabu Ali Salim, na sasa kitambulisho chasema Zainabu Ali Bakari, Bakari akiwa ndiye mume.

La kwanza tuliloliona ni kwamba karatasi aliyoiita cheti cha ndoa haikuwa cheti. Ilikuwa ile hati aliyoandika mwalimu aliyefungisha nikaha, yenye majina ya walii na mashahidi wawili na kiwango cha mahari. Nikaha hiyo ni sahihi mbele ya Mwenyezi Mungu, hapana shaka. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, yetu ya Kiislamu ikiwemo, na karatasi inayokubalika ofisini ni cheti cha ndoa iliyosajiliwa. Nikawaelekeza kwa Kadhi, wakaenda na walii na shahidi mmoja aliyekuwa karibu, na cheti kikapatikana.

Nikamwambia binti akisome kabla ya kukiweka mfukoni. Cheti kilisema "Zeinab Ally Salim", ilhali shahada yasema "Zainabu Ali". Kwetu sisi majina hayo ni mamoja, kwa sababu tunayasikia kwa masikio. Msajili hasikii, yeye husoma herufi. Kosa hilo hutokea zaidi pale bwana arusi au mjomba anapoyataja majina kwa mdomo na karani akayaandika anavyoyasikia. Dawa yake ni kwenda kwa Kadhi na kitambulisho cha zamani au cheti cha kuzaliwa mkononi, si kwa maneno.

Hata kiliposahihishwa, cheti hakikumaliza shughuli, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kisome vizuri cheti cha ndoa: kinasema Zainabu Ali Salim ameolewa na Bakari. Hakisemi popote kwamba tangu leo ataitwa Zainabu Ali Bakari. Kinathibitisha ndoa, hakithibitishi jina. Sheria ya Kenya haimlazimishi mke kuchukua jina la mume, wala ndoa yenyewe haimpi jina hilo bila yeye kulitaka. Kwa hiyo Msajili anatafuta karatasi ya tatu, itakayofunga fundo baina ya jina la zamani na jipya.

Karatasi hiyo huwa moja kati ya mbili. Nyepesi ni hati ya kiapo, anayoiapa mwenyewe mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, akitaja kila jina, hati ambayo jina hilo limeandikwa, tarehe ya ndoa, na kwamba mwenye majina yote ni yeye peke yake. Nakala za vyeti hubandikwa nyuma ya kiapo na kupigwa mhuri. Nzito ni hati ya kubadili jina, ambayo mawakili huiita didi poli. Hii hutiwa saini kupitia kwa wakili, ikasajiliwa kwa msajili wa hati, na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Anayetaka cheti cha shahada chenyewe kibadilike asishangae akidaiwa hii ya pili.

Binti alikuwa tayari kuingia gharama hiyo. Nikamuuliza swali moja: cheti chako cha kidato cha nne kinasemaje? Kinasema Zainabu Ali Salim. Je, nacho utakibadilisha? Akanyamaza. Chuo kilimsajili kwa jina lililo katika cheti kile. Shahada ikigeuka kuwa ya Zainabu Ali Bakari, itafanana na kitambulisho, lakini itaachana na cheti cha sekondari, na cha msingi, na cha kuzaliwa. Ule mwanya haukuzibwa. Umehamishwa hatua moja chini, na mwajiri wa kesho atauona palepale. Aidha vyuo vingi hukichukulia cheti cha shahada kama kumbukumbu ya siku ile ya mahafali, alipopewa aliyekuwa na jina lile, na hawapendi kutoa cha pili. Wakikubali, watataka cha asili kirudishwe kwanza.

Basi tukaiandika upya barua. Huandikwa kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii:

"Kwa Msajili wa Masomo. Mimi Zainabu Ali Salim, nambari ya usajili iliyo hapo juu, nilihitimu chuoni kwenu. Nimeolewa, na sasa kitambulisho changu kina jina la Zainabu Ali Bakari. Siombi cheti kipya. Naomba mabadiliko haya yatiwe katika faili langu, na nipewe barua inayothibitisha kwamba majina haya mawili ni ya mhitimu mmoja. Nimeambatisha nakala zilizothibitishwa za cheti cha ndoa, vitambulisho vya zamani na kipya, cheti cha shahada, na hati ya kiapo."

Nakala ya kitambulisho cha zamani alikuwa nayo kwa bahati tu. Alikirudisha alipochukua kipya, kama inavyotakiwa, lakini mamake alikuwa amekipiga picha kwa ajili ya shughuli nyingine. Nambari ilikuwa ileile, na nambari hiyo ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko kiapo: jina limebadilika, mtu hakubadilika.

Mama akaniuliza, na sheria ya dini inasemaje? Nikamjibu kwa ufupi. Qur'ani katika Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watu wanasibishwe na baba zao. Bibi Aisha alibaki binti Abubakar na Bibi Hafsa binti Umar, ingawa mume wao ni mbora wa viumbe. Iliyokatazwa waziwazi ni kujidai mtoto wa asiyekuwa babako. Ama jina la mume kama utambulisho tu, wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Mimi nawashauri mabinti wabaki na la baba. Na nikamwongezea jambo ambalo hakulitaka kulisikia mbele ya mwanawe: talaka ipo, na ufiwa upo. Mwanamke aliyeachika, akamaliza eda na kuolewa kwingine, je, shahada yake itazunguka na jina la mume wa kwanza?

Barua ya chuo ilitoka siku ya kumi na sita. Ilikuwa na mistari minne, mhuri na majina yote mawili. Mwajiri aliipokea pamoja na kiapo. Binti ameniambia kwamba yeye na mumewe bado wanashauriana kama arejeshe jina la babake katika kitambulisho, na mume hana kipingamizi.