Simu inapoipangia chaja volti

Geuza kichwa cha chaja ya Samsung ya wati 25 usome maandishi yake madogo. Utakuta volti 5 kwa ampea 3 na volti 9 kwa ampea 2.77, kisha herufi PPS zikifuatwa na kitu tofauti: 3.3-5.9V, na tena 3.3-11V kwa ampea 2.25. Hapo hakuna volti moja iliyopangwa kiwandani. Kuna uwanja mzima, na ni simu inayochagua isimame wapi ndani yake, ikipanda au kushuka kwa hatua za volti 0.02. Utaratibu huu uliingizwa mwaka 2017 katika kanuni za USB Power Delivery 3.0.

Hatua ndogo hivyo ni za nini? Jibu liko kwenye joto la simu.

Betri haipokei volti 9. Ikikaribia kuisha huwa na volti kama 3.5, na ikijaa hufika karibu 4.4. Kwa hiyo volti za chaja lazima zishushwe kabla ya kuifikia. Kwa njia ya zamani, kazi hiyo hufanywa ndani ya simu na saketi yenye koili. Saketi hiyo ni hodari, maana inapokea volti 9 na kutoa kiasi chochote betri inachotaka, lakini hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya umeme. Umeme huo unageuka joto ndani ya simu yenyewe, karibu na betri, na hauna pa kutokea upesi.

Njia mpya hutumia saketi ya kapasita, ambayo mafundi huiita pampu ya chaji. Inagawa volti kwa mbili na kuongeza ampea mara mbili, na hupoteza sehemu 2 au 3 tu katika 100. Ila ina ukomo mmoja: inagawa kwa mbili, basi. Ukiipa volti 9 itatoa 4.5, na betri yenye volti 3.9 ingesukumiwa mkondo mkubwa kuliko inavyostahimili. Pampu haiwezi kujirekebisha, hivyo kazi ya kurekebisha imehamishiwa kwenye chaja, ambayo tangu awali inabadilisha umeme wa ukutani.

Tuchukue mfano. Betri iko volti 3.9, na ili ipokee mkondo mkubwa inahitaji kupewa kama 4.1. Simu inaomba volti 8.2 kwa ampea 2.25, yaani takriban wati 18. Pampu inatoa 4.1 kwa karibu ampea 4.5. Ikipoteza sehemu 3 katika 100, joto lake ni kama nusu wati. Saketi ya koili, kwa wati zilezile 18, ingetoa karibu wati 1.8 za joto. Betri inavyoendelea kujaa, simu inaomba 8.22, kisha 8.24, ikiifuata betri taratibu kama fundi cherehani anayekata nguo kwa kipimo cha mwili.

Maombi hayo hupita kwenye waya wa mawasiliano ulio ndani ya kebo ya USB-C. Hata kama haibadilishi kitu, simu lazima irudie ombi lake ndani ya sekunde 10. Ikikaa kimya kupita hapo, chaja inahesabu kwamba mawasiliano yamekatika, inafuta makubaliano na kuanza upya kwenye volti 5. Naupenda sana uangalifu huu, kwa sababu chaja isiyojua hali ya betri haifai kuachwa iendelee kusukuma umeme.

Matatizo mengi huanzia dukani. Chaja inaweza kuandikwa PD na kutoa volti 9 bila PPS. Simu ya Samsung itaikubali, lakini itarudi kwenye saketi ya koili na kwenye skrini utaona "Fast charging" badala ya "Super fast charging". Kebo yenye kichwa kile kipana cha USB cha zamani haiwezi kupitisha maombi haya kabisa, hata kama chaja ni nzuri. Na chaja ikiwa na PPS inayoishia 5.9V tu, pampu haina cha kugawa kwa mbili. Kinachotafutwa ni mstari unaofika 11V, pamoja na ampea zilizoandikwa mbele yake.

Lakini PPS haiondoi joto la betri yenyewe, kwa kuwa mkondo mkubwa ukipita kwenye ukinzani wa ndani ya betri huipasha moto. Ndiyo maana simu ikiwa juani, au ikitumika kwa mchezo huku inachajiwa, hupunguza ombi lake hata mbele ya chaja bora. Na betri ikikaribia kujaa, mkondo hupunguzwa kidogo kidogo, pampu inapumzishwa, na saketi ile ya koili inamalizia kwa wati chache.