Benki Kuu Inaponunua Hatifungani: Funzo la Uingereza

Kwa kawaida benki kuu huongoza uchumi kupitia riba ya muda mfupi. Biashara zikizorota, huishusha ili mikopo iwe nafuu. Lakini riba hiyo haiwezi kushuka bila kikomo, kwa sababu mwenye fedha akianza kukatwa kwa kuziweka benki, atazitoa na kukaa nazo taslimu. Uingereza ilikaribia kikomo hicho Machi 2009, katikati ya msukosuko wa benki, riba ya Benki Kuu ilipofika asilimia 0.5. Hapo benki hiyo ikageukia riba za muda mrefu, na njia yake ilikuwa kununua hatifungani za serikali kwa wingi. Ilianza na pauni bilioni 75. Hadi mwisho wa 2021, ununuzi ulikuwa umefika bilioni 895, sehemu ndogo tu ikiwa hatifungani za makampuni.

Hatifungani hizo hazikununuliwa kutoka serikalini moja kwa moja, bali kwa wawekezaji waliokwisha kuzishika. Tuseme mfuko wa pensheni unauza hatifungani za pauni milioni 10. Benki Kuu haichapishi noti: inaiongezea benki ya mfuko huo milioni 10 katika akaunti ambayo benki hiyo imefungua Benki Kuu, nayo benki inauongezea mfuko kiasi hichohicho katika akaunti yake. Fedha hizo hazikuwapo kabla ya ununuzi. Mfuko una amana mpya, na benki yake ina akiba mpya Benki Kuu.

Mnunuzi mkubwa hivyo akiingia sokoni, bei hupanda. Hatifungani ya miaka 10 yenye thamani ya pauni 100 na inayolipa pauni 4 kila mwaka, ikinunuliwa kwa 100, humpa mwenyewe asilimia 4. Bei ikifika takriban 108.50, mnunuzi mpya bado atapokea 4 kwa mwaka, lakini mwishoni atarudishiwa 100 tu. Faida yake halisi imeshuka hadi karibu asilimia 3. Watafiti wa Benki Kuu hiyo walikadiria kwamba bilioni 200 za kwanza zilishusha riba za hatifungani za serikali kwa takriban asilimia moja kamili. Kwa kuwa makampuni hukopa kwa riba zinazofuata zile za serikali, nayo yalipata unafuu. Mfuko wa pensheni uliouza, kwa upande wake, haukutaka kukaa na amana isiyozaa. Ulitafuta hisa au hatifungani za makampuni, na bei za hizo zikapanda pia.

Wengi hudhani kwamba benki za biashara huchukua ile akiba na kuwakopesha wateja. Sivyo. Akiba hubaki katika akaunti za Benki Kuu, ikihama tu kutoka benki moja hadi nyingine. Benki hukopesha pale zinapomwona mteja mwenye uwezo wa kulipa na zinapokuwa na mtaji wa kutosha, na miaka ile vyote viwili vilikuwa haba. Ndiyo sababu nguvu ya mpango ilipita zaidi katika bei za mali, na hilo halikuwa bila gharama ya haki: mwenye hisa alinufaika kwanza. Benki Kuu yenyewe ilieleza mwaka 2012 kwamba asilimia 5 ya kaya zilizo tajiri zaidi zilimiliki karibu asilimia 40 ya mali za namna hiyo.

Hatari iliyochelewa kuonekana imo katika ile akiba. Benki Kuu huilipia riba yake ya muda mfupi, ambayo hubadilika, ilhali hatifungani ilizonunua hulipa kiwango kisichobadilika. Riba ilipokuwa asilimia 0.1, pengo hilo lilileta faida, na kati ya 2012 na 2022 Hazina ya serikali ilipokea takriban pauni bilioni 124. Kisha mfumuko wa bei ukafika asilimia 11.1 Oktoba 2022, hasa kwa kupanda kwa bei za nishati na vyakula, ingawa wachumi wanabishana kama fedha za ununuzi wa 2020 na 2021 zilichangia. Riba ikapandishwa hadi asilimia 5.25 kufikia Agosti 2023. Hatifungani iliyonunuliwa ikizaa asilimia 1 sasa iligharimu 5.25 kuishikilia, yaani hasara ya pauni 4.25 kwa mwaka kwa kila pauni 100. Hazina ilikuwa imeahidi tangu mwanzo kufidia hasara, hivyo mlipakodi ndiye aliyeibeba. Kwa kweli serikali ilikuwa imebadilisha deni la muda mrefu la riba isiyobadilika kuwa deni linalopanda mara tu riba inapopanda.

Kuziuza hatifungani hizo, kazi iliyoanza Novemba 2022, hakuiondoi hasara. Riba zikiwa juu, bei huwa chini ya ile iliyolipwa, kwa hiyo hasara ambayo ingeenea miaka mingi hulipwa papo hapo. Na mauzo yenyewe yakiharakishwa mno, husukuma bei chini zaidi na kuipandishia serikali gharama ya mikopo mipya.