Neno la dada mtu

Katika sherehe ya mtoto kutimiza mwaka 1, neno la dada mtu hufaa lije baada ya sala na kabla ya keki kukatwa. Mshereheshaji akichelewa kumwita, mwenye sherehe ameshasinzia na wageni wanatazama sahani. Dakika mbili na visa vitatu vinatosha.

Mtoto wa mwaka mmoja hajatenda mengi, hivyo vichekesho vizuri huwahusu waliomzunguka. Tuseme dada ana miaka 10 na anaishi Dar es Salaam. Anaanza na siku mdogo wake alipoletwa kutoka hospitali: yeye alitaka mtoto wa kike, akauliza kama huyu anaweza kurudishwa. Kisha anasimulia baba alivyombembeleza mtoto usiku hadi akalala baba, mtoto akabaki macho. Mwisho ni rimoti iliyotumbukizwa kwenye ndoo ya maji siku ya Simba na Yanga, nyumba nzima ikahamia kwa jirani.

Mpangilio huo una sababu. Dada akijicheka kwanza, baba hukubali kuchekwa baadaye. Kinachoharibu ni kisa cha ugomvi wa wazazi au cha pesa. Wageni watacheka, lakini mama atainamisha macho. Hapo kisa kikatishwe.

Baada ya rimoti, dada anamgeukia mdogo wake, anamtakia heri, na glasi za juisi zinainuliwa. Mtoto hatakumbuka chochote cha siku hiyo, kwa hiyo mwenye simu aanze kurekodi kabla dada hajashika kipaza sauti.