Pete ya Dhahabu Hupita Chekeche Nyingi

Adui anapoanguka katika Diablo II, gemu iliyotoka mwaka 2000, kitu kinachodondoka kina rangi: jina jeupe ni kitu cha kawaida, bluu kina nguvu kidogo, njano ni adimu, kijani ni sehemu ya seti, na la dhahabu ni la pekee. Mchezaji huona rangi tu. Nyuma yake kompyuta imeshapiga kura mara kadhaa, na mpangilio wa kura hizo ndio unaowakosesha watu usingizi.

Kura ya kwanza haihusu rangi hata kidogo. Kila adui ana orodha yake ya vitu, na ndani ya orodha hiyo mna nafasi ya "hakuna kitu". Wachezaji wakiwa wengi zaidi katika mchezo mmoja, nafasi hiyo hupungua. Kura ikipita hapo, kompyuta huchagua aina ya kitu, tuseme pete. Ndipo rangi inapotafutwa, kuanzia juu kushuka chini: je, ni ya pekee? Ikishindikana, je, ni ya seti? Kisha adimu. Pete iliyokosa zote huishia bluu, kwani pete nyeupe haidondoki.

Hata ikiwa ya pekee, bado kuna kura ya mwisho: ipi? Pete iitwayo Nagelring ina uzito mkubwa kuliko Stone of Jordan, ambayo wachezaji waliwahi kuitumia kama fedha ya kununulia vitu vingine. Ndiyo maana wengi wana Nagelring za kutupa.

Sasa njoo kwenye vifaa vinavyoongeza bahati. Wengi hudhani vinaleta vitu vingi zaidi. La, vinagusa kura ya rangi peke yake. Tena kwa vitu vya pekee faida yake hupungua kadiri unavyoirundika, kwa hesabu hii:

```
250 × bahati ÷ (250 + bahati)
```

Mchezaji mwenye bahati ya asilimia 100 hupata nyongeza halisi ya asilimia 71. Akifikisha 300, hapati 300 bali 136. Kwa hiyo kitu chenye nafasi ya 1 kwa 1,000 kinakuwa karibu 1 kwa 423, wakati yeye alikwisha kupiga hesabu ya 1 kwa 250. Na kama amevua silaha kali ili avae vifaa hivyo, kila adui humchukua muda mrefu kumwua. Huenda anapoteza zaidi ya anachopata.

Kuna kosa jingine, nami nimelifanya usiku mwingi. Kitu cha 1 kwa 1,000 hakikudai ukiua maadui 1,000. Kompyuta haikumbuki ulivyokosa jana. Katika kila wachezaji 100 watakaoua 1,000, takriban 37 watatoka mikono mitupu.